Jina Ndani ya Mizani Minane: Maneno kwa Waamsha Daku wa Majengo, Moshi

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili kwa vijana wanaopita kuamsha daku na wazazi wao, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashehe wangu, wazee, mama zangu mliokuja na vijana wenu, na majirani zetu msiofunga ambao mmekubali kukaa nasi mkekani leo, nawashukuru.

Shehe ameshatusomea hadithi ya Mtume, swalla llahu alayhi wa sallam, kwamba tule daku kwa kuwa ndani ya daku mna baraka. Hapo sina la kuongeza. Mimi nimeitwa kwa sababu nyingine. Nimefundisha ushairi miaka mingi, na vijana wameniomba niwatazamie beti zao, maana mwaka jana, kwa maneno yao wenyewe, “tulipiga madumu mpaka mikono ikauma na watu hawakuamka.” Waliamka, wanangu, isipokuwa walioamka ni mbwa, watoto wachanga na yule jirani wa zamu ya usiku aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kitandani. Aliyekusudiwa alijigeuza upande wa pili.

Kwa nini? Kelele tupu haimwambii mtu kitu. Aliyelala fofofo hupokea kelele na kuiacha ipite, ila akisikia jina lake hushtuka. Ndiyo maana Misri yule mwamsha daku wao, musaharati, hutembea na kijingoma kidogo cha mkononi, hupiga mapigo machache, hunyamaza, kisha huita mwenye nyumba kwa jina. Wito wake unaojulikana zaidi ni mfupi sana: amka ewe uliyelala, mpwekeshe Mwenye kudumu. Kwa Kiarabu maneno mawili ya mwisho, naim na daim, yanagongana kwa kina kimoja, basi hata aliyesikia nusu anajua nusu nyingine ni ipi. Mwingereza mmoja, Edward Lane, aliyeandika habari za Kairo katika miaka ya 1830, anasimulia kwamba wanawake walikuwa wakifunga sarafu ndani ya karatasi, wakaiwasha moto pembeni na kuidondosha kutoka dirishani, ili musaharati aione ilipoangukia gizani. Msijaribu hapa kwetu, kuna mabanda ya mbao.

Uturuki nao wana mpiga ngoma wa Ramadhani, mwenye ngoma kubwa ya kuvaa begani. Anaghani beti za mistari minne, kila mstari mizani saba au minane, na vina vinakutana mstari wa kwanza, wa pili na wa nne, wa tatu ukiachwa huru. Hilo la mstari wa tatu lishikeni, nitalirudia, kwa sababu nimeliazima.

Sasa tuje kwetu. Vijana wameniletea ubeti wao wa mwaka jana ulioandikwa kwenye simu. Naomba radhi kwa aliyeutunga, nausoma: “Enyi ndugu zetu Waislamu wa mtaa huu wa Majengo, amkeni mle daku, muda unazidi kwenda.” Hili ni tangazo. Lingefaa kusomwa kwenye kipaza sauti siku ya mkutano wa mtaa. Aliyelala akizinduka katikati yake anasikia “muda unazidi kwenda”, na huo unazidi kwenda kila siku, kwa hiyo halimhusu. Hesabuni mizani zake: zinafika thelathini na kitu bila mahali pa kupumua. Anayeghani huku anatembea huishiwa pumzi katikati, sauti inafifia palepale penye neno “daku”, ambalo ndilo lililobeba ujumbe.

Mimi nawapa kipimo kimoja, mizani minane kwa mstari, mistari minne. Ni kipimo cha utenzi, mmekisoma shuleni na mnakijua hata kama mnasema hamkijui. Mistari minne ya hivyo huchukua kama sekunde kumi kuighani kwa mwendo wa kutembea, yaani muda wa kupita mbele ya nyumba moja ya Kiswahili, kuanzia dirisha la kwanza hadi la mwisho. Ubeti mmoja, nyumba moja. Tuanze na ubeti wa kona, ule usio na jina la mtu:

Amkeni mle daku,
Hajawika bado kuku,
Chungu kiko mafigani,
Na wapungua usiku.

Hesabuni nami kwa vidole. A, m, ke, ni, m, le, da, ku. Nane. Ile “m” ya “amkeni” inasimama peke yake, ni mizani kamili, na ile ya “mle” pia. Wengi wenu mnazimeza, halafu mnashangaa mstari umekuwa mfupi na ngoma imewatangulia.

Katika utenzi tungepanga vina vya mistari mitatu ya mwanzo viwe sawa, na wa nne ubebe kina cha bahari. Hapa nimevunja mpango huo na kufuata ule wa mpiga ngoma wa Kituruki. Mstari wa tatu unaishia na “ni”. Sikio limeshazoea “ku, ku”, linapopewa “ni” linabaki limening'inia, linangoja “ku” irudi. Mtu aliye nusu usingizini hushikwa na kungoja huko. Mstari wa nne ukitua, macho yameshafunguka. Na huo wa nne ndio mnaoupokea nyote kwa pamoja, mara mbili. Mitatu ya kwanza aighani mmoja peke yake.

Sasa jina. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo beti nyingi zinapovunjika, kwa sababu majina ya watu hayakutungwa kwa mizani. Ubeti wenye nafasi ya jina ni huu:

Mama Zuhura, amka,
Mkaa haujawaka,
Watoto wataka uji,
Na saa inatoroka.

“Mama Zuhura” ni mizani mitano, “amka” ni mitatu. Jumla minane. Basi kila mtu ambaye jina lake pamoja na heshima yake linafika mizani mitano anaingia humo bila kuguswa kitu: Mzee Juma, Bibi Halima, Baba Rashidi, Mama Saumu anakosa moja... hapana, ngojeni, Sa-u-mu ni tatu, anaingia. Mnaona kwa nini nasema tuhesabu kwa vidole badala ya kukisia kwa masikio.

Jina likiwa fupi, kama Mama Asha, mizani ni minne, mstari unapungua mmoja. Dawa ni rahisi: “E Mama Asha, amka.” Msiongeze neno jingine lolote. Mwaka jana nilisikia “Mama Asha wewe, amka”, na kumwambia mama wa watu “wewe” saa tisa usiku ni ugomvi mnautafuta.

Jina likiwa refu ndiyo shughuli. Baba Ramadhani ni mizani sita, ukiongeza “amka” unapata tisa. Vijana wakikutana na jina la namna hiyo wanafanya moja kati ya mawili: wanalikimbiza, “Baramadhani, amka”, au wanaondoa heshima na kumwita “Ramadhani” mtupu. La kwanza halisikiki na la pili halivumiliki. Mzee ana wajukuu. Njia ya sawa ni kuacha jina na heshima yake kama vilivyo, na kubadilisha kitendo. Weka neno la mizani miwili mahali pa “amka”, na neno hilo mnalo tayari:

Baba Ramadhani, daku!
Hajawika bado kuku,
Chungu kiko mafigani,
Na wapungua usiku.

Mmeona? Ubeti wa kona umegeuka kuwa ubeti wa jina refu, na vina havikuguswa. Bi Mwanahamisi naye anaingia hapo hapo. Kwa hiyo mnahitaji kushika beti mbili tu kichwani, wa “amka” kwa mizani mitano na wa “daku” kwa mizani sita, na kijiorodha cha majina kilichopangwa kwa idadi ya mizani. Mwenye kuongoza ubeti akitazama orodha anajua mara moja aingie na upi.

Kuna tofauti moja kati ya beti hizo mbili ambayo mtaigundua wenyewe njiani. Irabu “a” hutamkwa kinywa kikiwa wazi, sauti inatoka yote. “U” hutamkwa midomo imebanwa, haifiki mbali. Katika nyumba zetu za zamani hapa Majengo, ambazo dirisha liko usawa wa barabara, haijalishi. Lakini mkifika kwenye nyumba mpya zenye ukuta na geti, ubeti wa “ku” utaishia getini. Huko tumieni wa “ka” kadiri jina linavyoruhusu, na mvute silabi ya mwisho. Jina likikataa, mpeni ubeti wa “daku” yule kijana wenu mwenye sauti nyembamba, maana sauti nyembamba huwahi kushika sikio kuliko nzito.

Kuhusu ngoma, au tuseme dumu, kwa sababu ngoma hamna: dumu linapigwa kwenye kona tu, kabla ya kuingia uchochoro. Mapigo machache, kisha kimya, kisha ubeti. Dumu na maneno vikienda pamoja, dumu linashinda. Njia ya kupima ni hii: mmoja wenu asimame nyumba tatu mbele, akirudi awatajie jina mliloita. Akishindwa, punguzeni dumu. Mvua ikinyesha kwenye mabati, beti hazisikiki kabisa, msijichoshe. Pita ukigonga dirisha la kila aliyejiandikisha kuamshwa, uende zako.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tusitumie spika kwenye bajaji, tumalize Majengo na Njoro kwa dakika chache. Jibu langu ni kwamba spika haijui jina la mtu, na haingoji kujibiwa. Nyinyi mnangoja. Mkimaliza mstari wa nne, simameni kidogo. Kikohozi, taa, kitasa, au ile sauti ya “Tumeamka!” yenye hasira kidogo, hiyo ndiyo risiti yenu. Hata kengele ya simu mtu huizima na kurudi kulala, lakini akishamjibu binadamu mwenzake dirishani ameshajifunga. Pasipo jibu, rudieni ubeti mara moja. Pasipo jibu tena, endeleeni. Mtampitia mzunguko wa pili.

Mizunguko ni miwili, na saa zake si za kubuni. Kwetu huku adhana ya alfajiri haihami sana, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima inacheza ndani ya kama nusu saa, kandokando ya saa 11 na robo. Istanbul mpiga ngoma anaweza kuhama kwa zaidi ya saa tatu kati ya kiangazi na kipupwe. Nyinyi mna bahati. Lakini hesabuni kurudi nyuma kutoka kwenye adhana. Mama anayewasha mkaa anahitaji muda mpaka ushike, kisha apashe wali na maharage ya jana au mtori uliobaki, kisha aamshe watoto ambao kila mmoja anataka kubembelezwa. Saa nzima na nusu si nyingi. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza, wenye majina ya wapishi, uwe saa 9 na nusu. Mzunguko wa pili, kwa wanaokula tu, na wanaotumia gesi, na wale wa chai na mkate, uwe saa 10 na nusu. Orodha iandikwe hivyo, mkaa kando na gesi kando. Msicheke, mwaka jana mlimwamsha mpishi na mlaji kwa pamoja, mlaji akakaa kwenye kiti akisubiri, akasinzia tena.

Na msipite baada ya saa 11 kasoro robo. Mtume alituambia Bilali huadhini usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Sauti mbili, kazi mbili, na watu walizitofautisha. Nyinyi mkipita mkiimba dakika chache kabla ya adhana, mtu anaziba kinywa akidhani wakati umetoka, au kinyume chake, anaisikia adhana na kusema “ah, hao vijana tu.” Zaid bin Thabit alipoulizwa kati ya daku lao na Mtume na sala palikuwa na muda gani, alisema kadiri ya kusoma aya hamsini. Waachieni watu kimya cha aya hamsini zao.

Sasa utani. Najua bila utani nyinyi hamtatoka kitandani. Mnaruhusiwa, ila mtanieni mtu usingizi wake, msimtanie chungu chake. Mfano:

Mzee Juma, koroma,
Sisi mahindi twachoma,
Adhana ikishalia,
Na njaa itakuchoma.

Nimerudia “choma” makusudi, moja ya mahindi na moja ya tumbo, na Mzee Juma mwenyewe yuko hapa anacheka, kwa hiyo kibali kimepatikana. Lakini msiimbe nani anakula nini, nani jiko lake haliwaki, nani mume wake hajarudi. Ubeti wa mizani minane haufutiki, mtaa utauimba mpaka Rajabu ijayo. Nyumba yenye msiba, nyumba yenye mgonjwa, nyumba yenye kichanga, hamghani kabisa. Kama wamejiandikisha, mmoja aende agonge kwa kidole.

Majirani zetu wasiofunga. Mji wetu umechanganyika, ukuta mmoja huku wanafunga, huku wanaamkia misa. Kanuni ni moja, anayeitwa ni aliyejiandikisha. Dumu lisilie kwenye kona ambayo upande wake wote haujaandikisha mtu. Mwenyekiti wa mtaa apewe orodha na majina yenu, na walinzi wa usiku waambiwe mapema mtapita wangapi na wapi, kwa sababu kundi la vijana gizani saa tisa, lenye madumu, mlinzi halitafsiri kuwa ibada. Kuna mama mmoja Mlutheri hapa nyuma amejiandikisha kwa hiari yake, ana biashara ya nguo na hupanda basi la alfajiri kwenda Dar. Mwiteni siku alizotaja. Mizani yake ni mitano, anaingia kwa “amka”, ila huo mstari wa watoto na uji muutoe, watoto wake wako chuo.

Limebaki jambo moja ambalo naona ndilo gumu kuliko yote, usiku wa kuamkia siku ya thelathini. Mwezi unaweza kuonekana au usionekane, tangazo linaweza kuja usiku mwingi, na mnajua kwamba hapa mtaani wapo wanaongoja tangazo la Bakwata na wapo wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine. Uchochoro mmoja unaweza kuwa na nyumba iliyolala kwa ajili ya Idi na nyumba inayotaka daku. Mkimwita kwa jina mtu aliyekwisha fungua, mmemtangazia mtaa mzima msimamo wake, na mkimruka anayefunga, mmemkosesha daku kwa sababu ya msimamo wenu. Kwa hiyo usiku huo majina hayaitwi. Hakuna dumu. Piteni kona kwa kona na ubeti mmoja huu:

Mwenye kufunga afunge,
Mwenye Idi ajipange,
Daku liko mlangoni,
Kwa mwezi tusijitenge.

Anayetaka kuamshwa usiku huo hasa, aweke alama mlangoni kabla ya kulala, ndoo iliyopinduliwa inatosha, nanyi mgonge hapo bila kuimba. Mzee mmoja ameniuliza, je, zawadi zenu za Idi mtazikusanya siku ipi ikiwa Idi ni mbili? Kusanyeni siku ya pili. Wa siku ya kwanza watakuwa bado wana kitu.

Sasa naomba daftari lizungushwe. Kila mwenye nyumba aandike jina analotaka kuitwa, pamoja na heshima yake, na aseme ni mkaa au gesi. Mizani nitazihesabu mwenyewe leo baada ya Isha, na mwongozaji wa kila uchochoro aje achukue karatasi yake msikitini kesho Alasiri. Wassalamu alaykum.